Bw. husomwa Bwana, Bi. husomwa Bi

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mtunza kumbukumbu katika masjala ya ofisi moja Dar es Salaam, nilipewa kazi ya kuratibu mafunzo ya siku 3. Washiriki walikuwa wanatoka Dar es Salaam, Morogoro na Unguja, na wengine wawili Mombasa. Orodha niliyokabidhiwa ilikuwa na jina kamili la mkuu wa kila kitengo, cheo chake na anwani yake ya barua pepe, basi. Wiki mbili kabla ya kuanza, ukumbi wetu ukapata shughuli nyingine. Tarehe zikahama kutoka Jumanne hadi Alhamisi, nami nikakaa asubuhi moja kuwaandikia wakuu wote mmoja mmoja.

Mkuu mmoja wa Unguja nitamwita hapa Riziki Omar Khamis. Si jina lake, ila linafanana nalo kwa kila jambo ninalotaka kulieleza. Nilimwandikia hivi:

> Mada: Mafunzo
>
> Habari za asubuhi Bw Omar,
>
> Natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa salama. Napenda kukujulisha kuwa mafunzo yamehamishwa hadi Alhamisi. Tafadhali wajulishe washiriki wako.
>
> Asante mapema.
>
> Wako mtiifu,

Jibu lilikuja kesho yake jioni. Lilikuwa na mistari miwili tu: amepokea taarifa, na washiriki watafika. Chini yake paliandikwa:

> Wasalaam,
> Riziki Omar Khamis (Bi.)
> Mkuu wa Kitengo

Hakunisahihisha kwa neno lolote. Herufi mbili ndani ya mabano zilitosha. Niliona aibu, kisha nikampelekea nakala ya barua yangu mama mmoja aliyekuwa mkuu wa masjala yetu, mtu aliyefungua na kufunga majalada tangu enzi za taipureta. Aliisoma mara moja, akaniambia: "Hapa Bw ni kosa moja tu. Simama mlangoni umsomee mtu barua yako kwa sauti, utayasikia mengine." Nimeishi na kipimo hicho tangu siku ile.

Tuanze na Bw. na Bi., maana hapo ndipo nilipojikwaa.

Watu wengi huvichukua vifupisho hivi kama mapacha: kimoja cha mwanamume, kingine cha mwanamke, vimekatwa kwa mkasi mmoja. Ukivisoma kwa sauti utaona havifanani. Ukiona "Bw. Juma" hutasema "Bwu Juma". Utasema "Bwana Juma". Kifupisho kiko kwenye karatasi tu, mdomoni neno linarudi zima. Lakini ukiona "Bi. Asha", utasema "Bi Asha". Mtangazaji wa redio naye atasema hivyo hivyo. Ni wachache mno watakaosoma "Bibi Asha", na wakisema hivyo, msikilizaji wa Dodoma atamwona mwanamke mwenye mvi na wajukuu.

Sababu yake ni kwamba neno Bibi limebeba mizigo mingi. Tanzania bara, bibi ni mama wa mama au mama wa baba. Kenya, kwa watu wengi, bibi ni mke: mtu akisema "bibi yangu" hamaanishi nyanya yake. Maana ya zamani, ya mwanamke wa kuheshimiwa, ipo bado, hasa katika "mabibi na mabwana" ya ufunguzi wa sherehe, na katika majina ya kazi kama bibi afya na bibi shamba, wenza wa bwana afya na bwana shamba. Lakini ukimwandikia mhasibu wa miaka 28 "Bibi Neema", anaweza kukunja uso kabla hajafika mstari wa pili. Kwa hiyo Bi limejitenga na Bibi, likawa neno linalojitegemea. Pwani lilikuwa hivyo tangu zamani: mwanamke huitwa Bi Fulani nyumbani, mtaani na jukwaani, na mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013 dunia nzima ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Hakuna aliyedhani Bi lile limefupishwa.

Lina fadhila nyingine ambayo hatuisemi sana. Halimuulizi mwanamke kama ameolewa. Msichana aliyeajiriwa jana na mjane wa miaka 60 wote ni Bi. Ndiyo maana sipendi ninapoona ofisi zinamwandikia mwanamke asiye na mume "Binti Fulani" kwa kudhani kuwa Bi. ni ya walioolewa. Binti katika jina lina kazi yake: linamtaja baba, kama katika majina ya asili ya pwani, Fulani binti Fulani. Si cheo cha heshima cha kuwekwa kwenye anwani ya ofisi.

Na nukta? Nimeona maofisa wakibishana juu ya nukta kuliko juu ya posho. Mimi naiweka: Bw., Bi., Ndg., Dkt., Mhe. Nukta inamwambia msomaji kuwa neno limekatwa na anatakiwa kulimalizia mwenyewe. Ukiandika Bi bila nukta kwa namna ya pwani, kama neno kamili, sitakuona umekosea. Kosa ninaloliona mimi ni barua moja kuwa na "Bw Ali" juu, "Bw. Ali" katikati na "bw.Ali" chini, bila hata nafasi kati ya nukta na jina. Hapo mwandikiwa anaona kuwa jina lake limeandikwa na mtu aliyekuwa anaangalia pembeni. Mimi nilimwandikia mkuu yule "Bw" bila nukta, na katika barua nyingine za asubuhi ile nilikuwa nimeweka nukta.

Kifupisho cha heshima hakikai peke yake. "Habari Bw.," halafu mkato, hiyo si salamu. Ukiisoma kwa sauti inakatika kama simu iliyoishiwa salio. Kama hutaji jina, andika neno zima: "Ndugu," au "Bwana Mkurugenzi,". Mama wa masjala alikuwa na utaratibu wake ambao nimeufuata hadi leo. Kwenye orodha ya wanaopelekewa nakala, kwenye jedwali la washiriki na kwenye anwani ya mpokeaji, tumia kifupisho, maana pale jina linatazamwa kwa macho. Kwenye mstari wa kumwita mtu ni bora zaidi neno kamili, "Ndugu" badala ya "Ndg.", kwa sababu pale unamsemesha. Kwa Bw. halegezi wala hakazi, maana kila mtu hulisoma zima. Kwa Ndg. anakaza.

Sasa tuje kwenye "Omar". Hata kama mkuu yule angekuwa mwanamume, "Bw. Omar" lisingekuwa jina lake. Riziki ni jina lake, Omar ni baba yake, Khamis ni babu yake. Mimi nilikuwa namwandikia barua mzee ambaye huenda yuko shambani kwake, au alishatangulia mbele ya haki.

Kosa hili linatokana na fomu. Fomu nyingi za kompyuta zimetengenezwa kwa watu wenye jina la kwanza na jina la ukoo, na tumezoea kudhani kuwa heshima hufuatana na jina la mwisho. Kwa Waswahili wa pwani na Waislamu wengi wa bara, mnyororo wa majina ni mtu, baba, babu. Heshima huambatana na jina la mtu mwenyewe: Bi. Riziki, Bw. Juma. Mfano ulio mbele ya macho ya wote ni wa Rais wa Tanzania aliyeapishwa Machi 2021. Vyombo vya nje vinavyoandika kwa Kiingereza vilimwita kwa jina la mwisho, Hassan, kana kwamba ni la ukoo. Waandishi wa Kiswahili wakamwita Rais Samia. Samia ni jina lake, Suluhu la baba yake.

Lakini usigeuze jambo hili kuwa sheria ya chuma, maana mazoea yetu hayako sawa. Watangulizi wake tulisema Rais Kikwete na Rais Magufuli. Wakenya wengi ofisini wataandika Bw. Kamau au Bi. Achieng', jina la Kiafrika likiwa la mwisho, na ukiandika "Bw. Peter" utasikika kama mwalimu wa chekechea au rafiki wa karibu. Bara pia, katika ofisi nyingi za serikali, mtu anajulikana kwa jina la mwisho. Ninachofanya mimi ni kutazama vitu viwili: mwenyewe anajitajaje anapomaliza barua zake, na wenzake wanamwitaje katika barua zao. Nikikosa vyote viwili, natumia jina zima, lote, bila kuchagua. "Ndugu Riziki Omar Khamis" ni refu, lakini halimkosei mtu.

Na hapo nimeshaigusa Ndugu, neno ambalo lingeniokoa asubuhi ile.

Majina kama Riziki, Imani, Tumaini, Nuru na Amani hayakuambii jinsia. Kiswahili chenyewe hakina shida na hilo: yeye ni yeye, amefika ni amefika. Ni Bw. na Bi. peke yake ndivyo vinavyokulazimisha kuchagua. Ndugu haikulazimishi. Katika ofisi za Tanzania neno hili halikushuka tu lenyewe. Lilikuwa ndani ya imani ya TANU, "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja", na lilishika nguvu baada ya 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ambao ndio mwaka BAKITA ilipoundwa kwa sheria na Kiswahili kikasukumwa kiwe lugha ya shughuli za serikali. Bwana wakati ule lilikuwa na harufu ya Bwana DC na Bwana Shauri. Ndugu lilimweka waziri na tarishi kwenye mstari mmoja. Mpaka sasa katika CCM viongozi huitwa Ndugu kwenye shughuli za chama, hata wale ambao nje ya ukumbi ni Waheshimiwa. Katika majalada ya zamani ya masjala yetu nimeshika barua nyingi ambazo Ndg. imepigwa taipu mbele ya kila jina, wanawake kwa wanaume, bila ubaguzi.

Ndugu pia hukaa vizuri mbele ya cheo, jambo linalosaidia sana usipomjua mtu: "Ndugu Mkurugenzi," "Ndugu Katibu," "Ndugu Wajumbe,". Ila ina mpaka wake. Ukivuka Horohoro kuingia Kenya, kwa masikio ya wengi ndugu ni kaka, au ni mshiriki wa kanisa, na mwanamke akiitwa Ndugu anaweza kudhani umekosea mtu. Wakuu wa wale washiriki wawili wa Mombasa ningewaandikia Bw. na Bi., baada ya kuuliza. Kuuliza ni rahisi kuliko tunavyodhani. Simu moja kwa mapokezi, "Samahani, naomba kujua namwandikiaje mkuu wenu," imeniondolea makosa mengi, na hakuna aliyewahi kukasirika.

Vyeo vingine nitavipita haraka. Dkt. na Prof. hufukuza Bw. na Bi.: huandiki "Bw. Dkt. Fulani". Mhe. hutangulia Dkt., cheo cha utumishi kwanza halafu cha elimu, ndiyo maana nyaraka za serikali huandika "Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan". Mheshimiwa ni kwa mbunge, diwani, waziri, mkuu wa mkoa au wilaya, jaji na hakimu. Siku hizi kila mwenye kiti cha kuzunguka anaitwa mheshimiwa, na hilo sikubaliani nalo hata kidogo, kwa sababu linamfanya anayestahili asiwe na neno lake. Mkuu, Kiongozi na Bosi ni maneno ya korido na makundi ya simu. Yakibaki huko yanapendeza.

Salamu yenyewe sasa. "Habari za asubuhi" niliiandika saa tatu. Yeye aliifungua jioni ya siku iliyofuata. Mtu akipiga hodi magharibi na kusema habari za asubuhi utamtazama mara mbili. Barua pepe haina saa yake, inasomwa mtu anapopata nafasi. Kwa hiyo chagua salamu isiyofungwa na saa: "Salaam," "Habari za kazi," au ile inayopendwa na maofisa wa bara, "Habari za majukumu". Kwa mtu wa Unguja, "Assalaam alaykum" ni salamu ya kawaida ofisini, na ukijua mpokeaji wako ni Mwislamu inapokelewa kwa furaha. Kwa orodha ya watu 40 wa dini tofauti naiacha, sawasawa na ninavyoiacha "Bwana Yesu asifiwe" au "Tumsifu Yesu Kristo". Siachi kwa kuzidharau. Salamu za namna hiyo zina viitikio vyake, na asiyeweza kuitikia anabaki nje ya mlango.

Shikamoo ni swali gumu zaidi. Nimelelewa kuitoa, na mkubwa nikimkuta kwenye ngazi naitoa kabla hajanitazama. Kwenye barua pepe ya kazi siiandiki. Barua ya kazi inasambazwa. Leo inasomwa na mkuu, kesho na msaidizi wake mwenye miaka 24, keshokutwa iko kwenye jalada. Shikamoo ni ya watu wawili waliotazamana na inangoja marahaba. Ukiipeleka kwenye nakala ya watu sita, wanne kati yao wadogo zako, imepotea njia. Najua wenzangu wengi hawatakubaliana nami hapa, na wapo wakubwa wanaoona kukosekana kwake ni utovu wa adabu. Kwa mkubwa wa namna hiyo, ambaye namfahamu na barua ni yake peke yake, naiandika, tena nzima. "Shkm" hapana.

"Natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa salama" sikuizua mimi, kila mtu anaiandika. Lakini isome kwa sauti mlangoni. Barua inamkuta mtu? Ni sentensi ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Sisi tulikuwa na mwanzo wetu wa barua, na waliosoma shule za bweni wanaukumbuka: "Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Hiyo ni ya barua ya kirafiki, siipeleki ofisini, ila inaonyesha kuwa Kiswahili huulizia hali kwa mtu kumwambia mtu, si kwa karatasi kumkuta mtu. Na wazee wa pwani walioandika kwa herufi za Kiarabu walikuwa na "baada ya salamu", kisha "nakuarifu", wakaingia kwenye jambo. Hiyo "Baada ya salamu, nakuarifu kuwa…" bado inafanya kazi vizuri ofisini leo, nami naitumia mara kwa mara. Ina heshima, na haipotezi muda.

Barua nyingi rasmi za serikali ya Tanzania, kati ya ofisi na ofisi, hazina salamu kabisa. Zinatoka kwenye anwani ya mpokeaji, zinashuka kwenye Yah:, kisha "Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu". Wakenya huandika KUH: au MINT:, yaani mintarafu. Huo si ukali. Ni cheo kinaandikia cheo, si mtu kumwandikia mtu. Tatizo ni pale mtu anapouhamishia mtindo huo kwenye barua pepe kama ulivyo. Yah: ya barua pepe ni ule mstari wa mada, haina haja ya kurudiwa ndani. Na "mada tajwa hapo juu" inaweza isiwe hapo juu tena: barua ikisambazwa mara tatu, mada inabadilishwa au inazikwa chini ya barua nyingine, na msomaji wa mwisho anatafuta hiyo hapo juu asiione. Taja jambo lenyewe kwenye sentensi ya kwanza. Na mada iwe mada. "Mafunzo" niliyoandika mimi haisemi kitu kwa mtu mwenye barua 100 zenye neno hilo.

Imebaki kufunga, na hapa ndipo mama wa masjala alipocheka kidogo kwa upole. "Wako mtiifu," alisema, "yeye amekuwa bosi wako lini?"

Mtiifu ni anayetii. Mwombaji wa kazi akimwandikia mwajiri, sawa. Mwanafunzi kwa mkuu wa shule, sawa. Mtumishi kwa mkurugenzi wake akiomba likizo, sawa kabisa. Lakini mratibu akimwandikia mkuu wa kitengo cha ofisi nyingine, hakuna utii kati yao, kuna ushirikiano. Tulifundishwa shuleni kuwa barua rasmi hufungwa kwa "Wako mtiifu", tukalishika kama amina. Kuna pia "Wako mwaminifu", ambalo Wakenya wanalipenda zaidi na ambalo halimpandishi wala kumshusha mtu, na "Wako katika ujenzi wa Taifa", ambalo limejaa kwenye majalada yetu ya miaka ya sabini na bado linaonekana kwenye barua za maombi. Hilo la mwisho silichukii. Lina ukweli ndani yake likiandikwa na mtumishi kwa mtumishi. Likiandikwa na muuza vifaa vya ofisi anayedai malipo yake, halikai.

Neno lenyewe "wako" huwaponyoka wengi. Likiandikwa kwa mtu mmoja ni wako. Likiandikwa kwa wajumbe wote ni "wenu". Nimepokea barua zilizoanza na "Ndugu Wajumbe" zikaisha na "Wako mwaminifu", na kila mjumbe akabaki kujiuliza ni wake peke yake au wetu sote.

Kabla ya hapo huwa kuna sentensi ya kufungia, na yenyewe inasema nani yuko juu ya nani. "Nawasilisha" au "Naomba kuwasilisha" huandikwa na anayepeleka jambo kwa mwenye uamuzi. Mkurugenzi hawasilishi kwa karani. "Nakutakia utekelezaji mwema" inashuka, haipandi: usimwandikie hivyo mkubwa wako. "Nashukuru kwa ushirikiano wako" inakwenda kokote. Na ile yangu, "Asante mapema", isome tena kwa sauti. Kiswahili kina namna yake ya kusema jambo hilo, nzuri kuliko hiyo: "Natanguliza shukrani." Shukrani inatangulia, wewe unafuata nyuma yake kuomba.

Baada ya "Wasalaam" au "Wako mwaminifu" linakuja jina lako. Hujiandiki Bw. wala Bi. mbele yake, maana mtu hajipi heshima mwenyewe. Dkt. na Mhandisi watu hujiandikia, kwa kuwa ni taarifa ya taaluma. Lakini Bi. au Bw. ndani ya mabano, nyuma ya jina, si kujikweza. Ni kumsaidia anayekujibu. Mwenye jina kama Riziki anajua hilo kuliko wewe. Na unapotia saini kwa niaba ya mkubwa wako, Kny: hukaa mbele ya cheo chake, jina likiwa lako: msomaji ajue nani ameandika na kwa mamlaka ya nani.

Wiki iliyofuata ilinibidi nimwandikie tena kuhusu malazi ya washiriki wake. Niliandika hivi, mama wa masjala akiwa amesimama nyuma ya kiti changu:

> Mada: Malazi ya washiriki 2 wa mafunzo ya kumbukumbu, Alhamisi hadi Jumamosi
>
> Bi. Riziki,
>
> Assalaam alaykum.
>
> Baada ya salamu, naomba radhi kwa kukosea kukutaja katika barua yangu ya wiki iliyopita.
>
> Nakuarifu kuwa washiriki wako wawili wametengewa vyumba kuanzia Jumatano jioni, ili wasisafiri usiku. Naomba uniandikie majina yao kama yalivyo kwenye vitambulisho, na kama kuna atakayehitaji chumba cha chini.
>
> Natanguliza shukrani.
>
> Wasalaam,

Chini nikaweka jina langu, cheo, na ndani ya mabano, Bw.

Jibu lilirudi kabla ya adhuhuri. Majina mawili, kila moja na kifupisho chake. Na juu kabisa, kabla ya jambo lolote, alikuwa ameandika: "Waalaykum salaam, Bw.," kisha jina langu mwenyewe, si la baba yangu.